Swali linalokupa jibu mapema

Katika karatasi ya fizikia ya kidato cha sita, au ya mitihani ya Uingereza ya kiwango hicho ambayo baadhi ya shule zetu huifanya, kuna aina ya swali linalotaja jibu lake lenyewe. Chukua hili: “Setilaiti ya mawasiliano huizunguka Dunia mara moja kwa saa 24. Onyesha kwamba nusukipenyo cha njia yake ni takribani 4.2×10⁷ m.” Tuseme lina alama 3. Mtahiniwa hupewa pia tungamo la Dunia, 5.98×10²⁴ kg, na namba ya uvutano, G, ambayo ni 6.67×10⁻¹¹ katika vizio vya kimataifa.

Wengi hulifurahia kwa sababu jibu liko mbele yao, na hapo ndipo alama zinapoanza kupotea. Katika swali la kawaida la hesabu, jibu sahihi lina uzito. Miongozo ya kusahihisha ya Pearson Edexcel, kwa mfano, huruhusu jibu sahihi lililoandikwa bila hatua kupata alama zote, lakini inaliondoa swali la “onyesha kwamba” katika ruhusa hiyo. Sababu yake ni ya haki kabisa: 4.2×10⁷ imeandikwa na mtunzi wa swali, kwa hiyo mtahiniwa akiinakili hajathibitisha lolote. Alama zote 3 zimewekwa kwenye njia ya kufika pale.

Njia huanzia kwenye sheria ya fizikia. Setilaiti haishikwi na kitu kingine angani ila uvutano wa Dunia, na chochote kinachozunguka kwenye duara kinahitaji kani ya kukivuta kuelekea kitovu. Basi kani hizo mbili ni kitu kimoja. Hili liandikwe kwa sentensi fupi, “kani ya uvutano ndiyo inayoizungusha setilaiti”, kisha milinganyo ifuate:

```
GMm/r² = mv²/r
v² = GM/r
v = 2πr/T
4π²r²/T² = GM/r
r³ = GMT²/4π²
```

Mstari wa kwanza una alama yake, kwa kuwa unaonyesha kwamba mtahiniwa anajua kwa nini setilaiti haipotelei angani. Mstari wa tatu unaleta muda wa mzunguko, T, na wa mwisho unaibakiza r peke yake. Wanafunzi hodari ndio hasa wanaoruka kutoka mstari wa kwanza hadi wa tano, kwa sababu akilini mwao hatua za katikati ziko wazi. Msahihishaji haoni akilini mwao. Akikuta r³ imeibuka ghafla, hawezi kujua kama imekokotolewa au imekaririwa kutoka kwenye daftari.

Kisha namba ziingie, na ziandikwe zote kabla ya kugusa kikokotoo. Saa 24 ni sekunde 86,400, na badiliko hilo nalo lionekane: 24 × 60 × 60. Tunapata:

```
r³ = (6.67×10⁻¹¹ × 5.98×10²⁴ × 86400²) / 4π²
r³ = 7.54×10²² m³
r  = 4.23×10⁷ m
```

Tazama mstari wa mwisho. Swali limesema 4.2, nasi tumeandika 4.23. Tarakimu hiyo moja ya ziada ndiyo ushahidi kwamba hesabu imefanywa kweli, kwa maana 4.2 angeweza kuiandika hata mtu ambaye hakuwasha kikokotoo. Kanuni ya kufuata ni kutoa angalau tarakimu moja ya maana zaidi ya zile zilizotajwa kwenye swali, halafu kumalizia kwa maneno: “4.23×10⁷ m, ambayo ni takribani 4.2×10⁷ m”. Inaniuma kuona alama ya mwisho ikipotea hapa, baada ya kazi ngumu yote kukamilika, kwa sababu tu mtahiniwa alikadiria mapema ili jibu lake lifanane na la swali.

Kuna wanaokwenda kinyumenyume. Wanachukua 4.2×10⁷, wanaiingiza kwenye mlinganyo, wanatafuta T na kupata sekunde 85,600 hivi, yaani saa 23.8, kisha wanasema hiyo ni karibu saa 24. Hesabu ni sahihi, lakini imeanza kwa kulikubali lile lililotakiwa kuonyeshwa. Pearson Edexcel imekuwa na utaratibu ulio wazi juu ya hili: swali likiwa la alama 2, njia ya kinyume inaweza kupata zote mbili, likiwa la alama 3, haivuki 2. Kwa hiyo ni njia ya akiba, ya kutumiwa pale tu ya mbele inapokataa kufunguka, na lazima ifungwe kwa sentensi inayolinganisha 23.8 na 24.

Sasa kosa likitokea je? La kawaida kuliko yote ni kuiacha T katika saa. Mtahiniwa anaweka 24 mahali pa 86,400, na r inatoka 1.8×10⁵ m. Jibu lililo kwenye swali linamwambia papo hapo kwamba kuna hitilafu, na hata lisingekuwapo, fizikia ingemwambia: nusukipenyo cha Dunia yenyewe ni kama 6.4×10⁶ m, kwa hiyo setilaiti hiyo ingekuwa imezikwa ardhini. Arudi juu mstari kwa mstari akague vizio kwanza, kisha kipeo cha pili cha T, kisha kama amekumbuka kipeuo cha tatu mwishoni. Asiyekichukua kipeuo hicho hubaki na 7.54×10²², namba ambayo kizio chake, mita za ujazo, kinatosha kumshtaki.

Jambo asilopaswa kufanya ni kuandika 4.2×10⁷ chini ya hesabu isiyozaa namba hiyo. Msahihishaji huwa na hesabu nzima mbele yake na huliona pengo mara moja. Asipolipata kosa, ni bora aiache 1.8×10⁵ kama ilivyo. Milinganyo aliyoiandika vizuri kule juu bado inastahili alama zake, na anayesahihisha anaweza kunyoosha kidole kwenye mstari mmoja ulioharibika bila kuitilia shaka mingine.

Mtunzi wa swali ana sababu ya kutoa jibu mapema. Mara nyingi sehemu inayofuata inalitegemea, kwa mfano: “Kokotoa kasi ya setilaiti hii.” Hapo mtahiniwa ana haki ya kutumia 4.2×10⁷ m hata kama sehemu ya kwanza aliiacha tupu. Anaandika v = 2πr/T, anaingiza namba, anapata 3.1×10³ m kwa sekunde, na anachukua alama zote za sehemu hiyo. Aliyepata 4.23 naye akiitumia anafika palepale, 3.1×10³. Anayeumia ni yule aliyeng’ang’ania 1.8×10⁵ yake, au aliyeifunga karatasi akidhani kwamba kushindwa kuonyesha kunamfungia mlango wa kukokotoa. Mwalimu, waambie wanafunzi wako hili kabla ya siku ya mtihani: namba iliyochapishwa kwenye swali ni mali yao kuanzia sehemu inayofuata, waitumie.