Kibuyu Kiko kwa Nani?

Shule nyingi huandika orodha ya vifaa vya mchezo kama orodha ya sokoni: vibuyu viwili, kamba, kaniki nne, bunduki za mbao. Orodha hiyo inafaa kununulia, haifai kuchezea. Siku ya maonyesho kifaa huhama, na orodha nzuri hukifuata onyesho kwa onyesho.

Tuchukue *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Maji Maji. Kifaa chake kikuu ni kibuyu cha maji ya dawa. Kabla ya onyesho la kugawa maji, mstari wake usomeke hivi: kibuyu, maji nusu, mezani upande wa kushoto nyuma ya pazia, anaingia nacho Kinjeketile, anatoka nacho Kitunda, anakirudisha mezani msimamizi wa vifaa. Hapo kwenye kutoka ndipo wengi wanapokosea. Wanaandika nani anaingia na kitu, wanasahau nani anaondoka nacho, kisha kibuyu kinabaki katikati ya jukwaa wakati onyesho linalofuata linaanza.

Maji yenyewe yana shida yake. Yakimwagika kwenye sakafu ya vigae, mwigizaji wa peku huteleza. Kwa hiyo andika kwenye mstari huohuo kitambaa cha kupangusia, na jina la atakayepangusa taa zikizimwa.

Maleba huandikwa kwa mwigizaji, ndani ya kila onyesho. Kinjeketile akitoka mtoni na baadaye akionekana mfungwa, nguo ya pili iwe imeshatundikwa, na awepo mtu wa kumsaidia kubadilisha. Pimeni muda huo kwa saa wakati wa mazoezi. Ukizidi, mwanzo wa onyesho linalofuata urefushwe, au nguo ya pili ivaliwe chini ya ya kwanza. Wanawake wavae kaniki, maana hadithi ni ya mwaka 1905. Msimamizi wa maleba aangalie pia mikono na miguu: saa ya plastiki au soksi za shule humwondoa mtazamaji Rufiji kwa sekunde moja.

Kiboko cha mnyapara kishonwe kwa kitambaa kilichojazwa pamba. Kamba ya kumfungia mfungwa iwe na fundo la kuvutika, na mwenye dhamana yake awe askari anayeifunga, kwa sababu ndiye atakayeifungua mambo yakiharibika.

Mbele ya kila kifaa andikeni jina la mtu mmoja. Ukiandika "Kidato cha Pili" hakuna atakayeulizwa. Bandikeni nakala juu ya meza ya vifaa, chora kwa chaki mahali pa kila kitu, na msimamizi akague meza nusu saa kabla ya pazia kufunguliwa. Chaki isiyo na kitu juu yake inaonyesha kilichopotea, na bado kuna muda wa kukitafuta.