Usifute Kache, Uliza Jedwali Lilijengwa Lini

Swali ni lilelile, litoke Kayanga au litoke Rubwera, na huongezeka kila mtumishi wa takwimu anapohamishwa na kiti chake kukaliwa na mwingine: "Mtaalamu, tumeingiza ripoti tangu mchana lakini dashibodi bado ina namba za jana. Nimefuta kache, nimebonyeza F5, nimezima kompyuta nikawasha tena. Nifute nini kingine?"

Usifute chochote. Hilo la kufuta ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu anayelifanya anadhani halina madhara, na wilaya kama Karagwe na Kyerwa ndipo madhara yake yanapokuwa makubwa.

Nazungumzia DHIS2, mfumo ambao tangu mwaka 2013 umekuwa ukipokea taarifa za MTUHA nchi nzima. Anayeukabidhi kwa mwenzake huandika jina la kuingilia na nywila kwenye karatasi, akasaini, akapanda basi. Kitu ambacho hakiandiki ni namba zinapita wapi kabla ya kufika kwenye dashibodi. Mrithi wake akikwama, anauliza ofisi ya jirani, na ofisi ya jirani inamwambia afute kache.

Namba zinapita hivi. Ukiandika takwimu kwenye fomu ya `Data Entry`, inahifadhiwa papo hapo kwenye jedwali la data ghafi. Dashibodi hailisomi jedwali hilo. Inasoma majedwali mengine, yale ya uchambuzi, ambayo seva huyajenga upya kutokana na data ghafi kwa saa iliyopangwa, aghalabu usiku watumiaji wanapokuwa wachache. Ni kama rejesta ya wagonjwa na ile karatasi ya muhtasari iliyobandikwa ukutani: mgonjwa wa leo yumo kwenye rejesta, lakini ukutani hatoonekana mpaka mtu aiandike karatasi upya. Kazi hiyo ya kuandika upya imepangwa kwenye programu ya `Scheduler`, kwa jina la `Analytics table`, na anayeweza kuigusa ni msimamizi wa seva peke yake. Kompyuta yako ya Rubwera haina sauti hapo, wala brauza yako.

Tuchukue mfano. Jumanne saa tisa alasiri, mtunza takwimu wa Kyerwa anaingiza ripoti ya mwezi ya zahanati moja ya Murongo, wagonjwa wa malaria 214. Anafungua dashibodi, nafasi ya zahanati hiyo ni tupu. Mganga mkuu wa wilaya anasubiri namba kwa ajili ya kikao cha kesho. Saa kumi anafuta kache, nafasi bado tupu. Saa kumi na moja anafuta tena, anaondoka amekata tamaa. Jumatano asubuhi anafungua dashibodi na 214 iko palepale. Anawaambia wenzake kwamba kufuta kache kunafanya kazi, ila "kunachukua muda". Kilichofanya kazi ni seva, iliyojenga majedwali yake usiku wakati yeye amelala. Angeacha kompyuta ikiwa imezimwa tangu saa tisa, asubuhi angekuta 214 ileile. Dawa yoyote ikipewa ugonjwa unaopona wenyewe kesho yake itapata sifa, na hii imepata sifa hivyo kwa miaka.

Siwezi kusema kache haihusiki kabisa. Msimamizi anaweza kuipangia seva iruhusu majibu ya dashibodi yahifadhiwe kwa muda, na dashibodi iliyowekwa itumike bila mtandao inaweza kukuonyesha nakala ya zamani. Lakini hilo linapimwa kwa dakika moja bila kufuta kitu: fungua dashibodi hiyohiyo kwenye simu ya mtu ambaye hajaifungua siku hiyo, au kwenye dirisha la faragha la brauza. Akiona namba mpya na wewe unaona za zamani, tatizo ni nakala iliyoko kwako. Mkiona zilezile, brauza yako haina kosa, na hata ukiifuta mara mia hutasogea.

Sasa madhara. Fomu ya `Data Entry` imetengenezwa ikijua kwamba mtandao unakatika. Ukikatika ukiwa katikati ya ripoti, unachoandika kinawekwa ndani ya brauza yenyewe, kwenye hifadhi ya tovuti ile, kikisubiri mtandao urudi ndipo kipelekwe kwenye seva. Bango la juu huandika `Offline`. Mtu asiyelitazama anaendelea kujaza, anafunga, anaamini ameshatuma. Kisha dashibodi haibadiliki, rafiki anamshauri afute kache, na kwenye Chrome anaweka tiki kwenye kila kisanduku, pamoja na kile cha vidakuzi na data za tovuti. Kisanduku cha picha na mafaili ya kache peke yake kisingemdhuru. Hiki cha data za tovuti kinafuta ile ripoti iliyokuwa inasubiri. Haipo kwenye seva kwa sababu haikufika, na kwenye brauza imeshafutwa. Inabaki karatasi ya zahanati, kama ipo, na kama sivyo, mtu apande pikipiki kuifuata.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza, kabla ya kingine chochote, ni kufungua fomu ileile ya `Data Entry` kwenye kompyuta ya pili. Namba ikiwamo, ripoti imefika na unachosubiri ni ujenzi wa majedwali. Namba isipokuwamo, rudi kwenye kompyuta ya kwanza, brauza ileile na akaunti ileile, tafuta mtandao mzuri, fungua fomu na uache itume. Usiingize ripoti hiyo kwa mwezi mwingine au kituo kingine eti "kuisukuma". Hapo utakuwa umetengeneza wagonjwa 214 ambao hawapo, na hao watakaa kwenye takwimu mpaka mtu awagundue.

Kipimo cha pili ni saa ya ujenzi wa mwisho. Ukurasa wa `About DHIS2`, kwenye menyu ya jina lako juu kulia, unaionyesha. Anayependa amri aandike hivi:

```
curl -H "Authorization: ApiToken $TOKENI" \
  "$SEVA/api/system/info"
```

Tafuta mstari wa `lastAnalyticsTableSuccess`, ulinganishe na `serverDate`, ambayo ni saa ya seva yenyewe. Ripoti yako ikiwa imeingia baada ya saa hiyo ya ujenzi, subiri. Ikiwa iliingia kabla na bado haionekani, una hoja ya kumpelekea msimamizi. Mstari ukionyesha tarehe ya siku tatu nyuma, ujenzi unashindikana kila usiku, na dashibodi inaendelea kusoma majedwali ya zamani bila kupiga kelele. Mpigie msimamizi umtajie tarehe hiyo. Ukimwambia tu kwamba "mfumo umeganda", atakujibu ufute kache.

Sasa makabidhiano yenyewe. Zipo ofisi zenye dashibodi ya pili, iliyotengenezwa na kijana mmoja mwenye juhudi: kompyuta iliyoko ofisini huamka alfajiri, inavuta namba kutoka DHIS2 na kuchora chati za kikao. Akihama yeye, chati zinakufa, na sababu karibu kila mara ni moja: aliweka jina lake na nywila yake mwenyewe ndani ya programu. Akaunti yake ikifungwa, kama inavyopaswa kufungwa, programu inajibiwa 401. Mrithi anaweka nywila yake, naye atahama.

Omba akaunti ya kazi, isiyo ya mtu, yenye ruhusa ya kusoma tu na inayoona wilaya husika peke yake. Ingia kwa akaunti hiyo utengeneze tokeni, uichagulie tarehe ya kuisha. Mfumo utakuonyesha tokeni mara moja tu, kwa hiyo iweke hapohapo kwenye faili lake, nje ya programu, linalosomwa na akaunti moja ya kompyuta ile:

```
chmod 600 /etc/dashibodi/dhis2.env
```

Waraka wa makabidhiano utaje njia ya faili hilo, jina la akaunti, tarehe ya tokeni kuisha na cheo cha anayeweza kutoa nyingine. Tokeni yenyewe isiandikwe humo, wala isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Ikishatumwa, ifutwe kwenye DHIS2 siku hiyohiyo na itengenezwe mpya.

Yanayoharibika mara nyingi hayazidi matano. 401 maana yake tokeni imeisha, imefutwa au akaunti imefungwa: tengeneza nyingine, badilisha faili, programu usiiguse. 409 yenye `E7120` maana yake akaunti haina ruhusa ya kuona wilaya au kituo ulichoomba. Hutokea sana pale programu ya Karagwe inaponakiliwa Kyerwa, au kinyume chake, na akaunti ikabaki ya wilaya ya kwanza. Omba akaunti ipangiwe eneo jipya. Zahanati mpya ikionekana kwenye fomu na kukosekana kwenye chati hata baada ya ujenzi wa usiku, muulize msimamizi kama kazi yake ya usiku ina tiki ya kuruka `resource tables`, maana orodha ya vituo hujengwa humo. Diski ikijaa, programu inakufa ikiandika, na mstari wa mwisho wa logi unasema hivyo waziwazi, kwa anayeusoma.

La tano halitoi kosa lolote. Programu inavuta namba kabla seva haijamaliza kujenga majedwali, inapata za jana, na logi inaandika kwamba kila kitu ni sawa. Chati zinachelewa siku nzima, kila siku. Ifanye programu isome kwanza `lastAnalyticsTableSuccess`, isubiri kama tarehe si ya leo, na kwenye kona ya chati iandike saa hiyo. Saa ambayo programu yenyewe imevuta namba haimwambii mganga mkuu kitu chochote.

Na saa ziandikwe kwa tarakimu za kompyuta. Nimeona waraka uliosema kazi inaanza "saa 8 usiku", na mrithi akapanga hivi:

```
0 8 * * * /opt/dashibodi/vuta.sh
```

Hiyo ni saa mbili asubuhi, kikao kikiwa kinaanza. Saa nane usiku ni `0 2 * * *`, tena kama kompyuta imewekwa saa za Afrika Mashariki. Ikiwa iko kwenye UTC, kama mashine nyingi za kukodi, `0 2` itaamka saa kumi na moja alfajiri kwetu. Amri ya `timedatectl` inaonyesha ipo wapi. Nakili mstari wake wa `Time zone` uuweke kwenye waraka, pembeni ya mstari wa ratiba.