Sahani moja ya maharagi na gilasi ya maziwa: mama mwenye mimba anapata nini kweli?

Katika mikutano ya koperative huku pembeni ya Bukavu, swali hili linarudi mara kwa mara: «Agronomi, mnatuambia mama mwenye mimba aongezewe chakula kimoja cha maharagi na maziwa. Sawa. Lakini anapata proteini ngapi hapo? Na inatosha?» Ni swali zuri, na jibu lake linapatikana kwa mizani ya jikoni, kikombe na hesabu ndogo. Basi tuhesabu pamoja.

Tuanze na maharagi. Pima maharagi makavu, kabla ya kuyatia sufuriani. Gramu 100 za maharagi makavu zina karibu gramu 22 za proteini. Sahani ya mtu mzima aliyekula vizuri inatoka kwenye gramu 60 za maharagi makavu, na gramu hizo zinatoa proteini gramu 13.

Hapa watu wengi wanakosea. Yakiiva, maharagi yanakunywa maji, na zile gramu 60 zinakuwa karibu gramu 150 kwenye sahani. Mtu anaweka sahani juu ya mizani, anaona 150, anapiga hesabu ya maharagi makavu na kupata proteini gramu 33. Si kweli. Maji yameongeza uzito, hayakuongeza proteini. Ukipima yaliyoiva, hesabu gramu 8 au 9 tu kwa kila gramu 100. Na supu yake usiihesabu kama maharagi: sahani iliyojaa supu na mbegu chache inadanganya macho.

Sasa maziwa. Gilasi ya robo lita ya maziwa ya ng'ombe yasiyochanganywa na maji ina proteini karibu gramu 8. Kama muuzaji ameongeza maji nusu kwa nusu, utabaki na 4. Koperative yenye kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, kile kinachoelea, inaweza kujua: maziwa mazuri yanaonyesha kati ya 1,028 na 1,032. Yakishuka chini ya hapo, shuku maji.

Kwa hiyo chakula chetu kimoja ni 13 na 8, jumla gramu 21. Lakini si zote zinazoingia mwilini. Proteini ya maziwa karibu yote inapita tumboni na kutumika. Ya maharagi, karibu robo inapotea. Tukikata hasara hiyo, mama anabaki na gramu kama 17 au 18. Maharagi yasiyoiva vizuri yanapoteza zaidi, na yanaumiza tumbo. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe mpaka yapondeke kwa vidole.

Je, mama anahitaji ngapi? Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (OMS) na wenzake ya mwaka 2007 inasema hivi. Katika miezi mitatu ya kwanza nyongeza ni kidogo sana, karibu gramu 1 kwa siku. Katika miezi mitatu ya katikati ni karibu gramu 10. Katika miezi mitatu ya mwisho, wakati mtoto anaongezeka uzito haraka, ni gramu 31. Hapo unaona: chakula chetu kinafunika nyongeza ya miezi ya katikati na kubakisha. Katika miezi ya mwisho kinafunika nusu na kidogo tu.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba mama alikuwa anakula ya kutosha kabla ya mimba. Tuchukue mfano wa mama wa kilo 55, mwenye mimba ya miezi saba. Asubuhi anakula viazi vitamu gramu 300, chai bila maziwa: proteini kama 4. Saa sita anakula bugali wa unga wa muhogo gramu 250 na sombe: bugali unatoa 4, sombe 5. Jioni bugali tena, 4, na maharagi yaliyotoka kwenye gramu 50 makavu, 11. Jumla ya siku: gramu 28.

Mama huyu, hata bila mimba, angehitaji karibu gramu 46. Na mimba ya miezi saba, 77. Tukiongeza chakula chetu cha 21, anafika 49. Kumbe kile tulichokiita nyongeza ya mimba kimeziba tu shimo lililokuwepo tangu zamani. Muhogo unashibisha, lakini proteini yake ni kidogo sana. Ndiyo maana tunasema miezi ya mwisho chakula kimoja hakitoshi. Aongeze na kitu kingine saa sita: kiganja cha ndagala wakavu wa gramu 10 kinatoa proteini kama 6, na gramu 30 za unga wa soya iliyokaangwa, ndani ya uji, zinatoa karibu 11.

Sasa tufike kwenye jambo linaloharibu hesabu kuliko yote: sufuria ni moja na watu ni wengi. Mama mmoja alituambia kwamba ameongeza maharagi kila siku kama alivyoshauriwa. Tukamuuliza, «Mama, unayatia wapi?» Akajibu, «Mu sufuria ya wote, watu sita.» Basi zile gramu 60 zinagawanywa kwa sita: yeye anapata gramu 10, yaani proteini 2. Na kama anakula wa mwisho, anakuta supu. Hakuna ubaya watoto wakile, lakini hapo hatuwezi kusema mama ameongezewa gramu 21.

Kosa la pili ni kubadilisha badala ya kuongeza. Mama akila maharagi saa kumi halafu jioni aache sahani yake kwa sababu ameshiba, faida ni tofauti kati ya vyakula viwili hivyo tu. Kwa mama wa mfano wetu, akiacha maharagi ya jioni anapoteza 11, na faida inabaki 10. Namna ya kujua ni rahisi: kwa siku tatu, andika kila alichokula, siyo kilichopikwa. Kisha linganisha na siku tatu za kabla.

Tumalizie na maziwa. Mama mwenye mimba asinywe maziwa mabichi, hata mashanza yaliyogandishwa bila kuchemshwa. Ugonjwa wa ng'ombe unaoitwa bruselozi unapita kwenye maziwa hayo na unaweza kutoa mimba. Chemsha kwanza, halafu gandisha ukipenda. Kuchemsha hakuondoi proteini.

Na kuhusu mbegu za maharagi yenye chuma kingi zinazotoka INERA Mulungu: ni nzuri kwa damu, zipandeni. Ila kwa proteini, zihesabuni kama maharagi mengine. Mama wa miezi saba bado atahitaji sahani yake mwenyewe, imepimwa na kuwekwa pembeni kabla sufuria haijafika mezani.