Simu mbili kwenye picha moja

Maduka mengi ya simu ya Kariakoo siku hizi humpata mteja kabla hajakanyaga dukani. Picha ya simu mbili zikiwa bega kwa bega inapandishwa Instagramu, chini yake mistari michache ya maelezo, ile tunayoiita kapsheni, na mtu aliyeko Mbagala au Mwanza anaamua hapo hapo kama atatuma hela. Anachojua kuhusu mzigo ni kile tu alichoandikiwa.

Tuchukue Samsung Galaxy A15 ya 4G na Tecno Spark 20. Zote zilitoka Desemba 2023 na ziligombea mfuko wa mteja yule yule. Ulinganifu wa haki huanzia kwenye toleo. Zote mbili zipo za GB 256 zenye RAM ya GB 8, basi hizo ndizo zilinganishwe. Muuzaji akiweka A15 ya GB 128 pembeni ya Spark ya GB 256 bila kusema, tofauti ya bei haina maana tena. RAM nayo ina mtego wake. Spark 20 hutangazwa mara nyingi kuwa na RAM ya GB 16, lakini nusu yake ni nafasi iliyoazimwa kutoka memori ya kuhifadhia picha na faili, ambayo ni polepole kuliko RAM yenyewe. A15 pia inaweza kuazima hivyo. Kuhesabu ya kuazima kwa mmoja na kuiacha kwa mwingine ni kumdanganya mteja.

Bei nayo iandikwe. “Bei njoo inboksi” humfanya kila mteja atajiwe bei yake. Tuseme duka linauza A15 kwa Sh 520,000 na Spark kwa Sh 430,000. Tofauti inaonekana Sh 90,000. Lakini boksi la A15 halina kichwa cha chaja, wakati la Spark linacho. Kichwa cha wati 25 kikiwa Sh 45,000, asiye na chaja nyumbani atalipa Sh 135,000 zaidi. Kapsheni isiyotaja chaja imeficha theluthi nzima ya tofauti hiyo.

Betri zote ni za mAh 5,000, kwa hiyo hazimsaidii mtu kuchagua. Mstari huo uachwe. Kinachotofautisha kweli ni kioo na kamera ya mbele. A15 ina kioo cha AMOLED chenye maandishi makali zaidi, na Samsung iliiahidi miaka mitano ya masasisho ya usalama. Spark ina megapikseli 32 mbele dhidi ya 13, ingawa wingi wa megapikseli peke yake hauhakikishi picha nzuri.

Waranti ndiyo inayoleta ugomvi. “Waranti mwaka mmoja” haisemi anayedaiwa ni nani. Waranti ya kampuni hushughulikiwa na kituo chake cha huduma. Kwa Tecno ni Carlcare. Lakini simu iliyonunuliwa Dubai na mfanyabiashara inaweza kukataliwa kituoni hapa, kwa kuwa waranti nyingi hufungamana na soko simu ilikokusudiwa kuuzwa. Hapo kinachobaki ni waranti ya duka, na duka likifungwa nayo imekwisha. Hizi mbili zisiwekwe sawa hata miezi ikilingana. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, waranti ikiwemo.

Kwa duka letu la mfano, ambalo A15 zake zimetoka Dubai, ningeandika hivi:

“Zote mpya, GB 256, RAM GB 8. Samsung A15 4G: Sh 520,000, chaja haimo (wati 25 ni Sh 45,000). Kioo kizuri zaidi kwa kusoma na video. Mzigo wa Dubai: waranti ya duka letu miezi 6, tunatengeneza au kubadilisha. Tecno Spark 20: Sh 430,000, chaja imo. Selfi megapikseli 32. Waranti ya kampuni miezi 12, Carlcare. Zote: waranti inaanza tarehe ya risiti; haihusu kioo kupasuka, maji, wala simu iliyofunguliwa na fundi mwingine. Bei ni hadi Jumamosi.”

Risiti iandikwe namba ya IMEI, la sivyo mteja hana cha kuonyesha kwamba simu aliyorudisha ndiyo aliyouziwa. Bonyeza `*#06#` mbele yake, linganisha na namba ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA inayorudisha jina na modeli ya simu. Modeli iliyorudi ikitofautiana na iliyo kwenye kapsheni, simu hiyo isiuzwe.