Homa ya Mafua kwa Mtoto Aliyepungukiwa Lishe

Katikati ya mwaka 2002, wakazi wa Ikongo, wilaya ya vijijini kusini-mashariki mwa Madagaska, walianza kuugua homa, kikohozi na maumivu ya mwili. Vifo vilifuatana kwa kasi, hata wataalamu wakatumwa kuchunguza huenda ni ugonjwa usiojulikana. Majibu ya maabara yaliwashangaza wengi: ilikuwa homa ya mafua aina ya A(H3N2), ya jamii ya virusi vilivyokuwa vikizunguka duniani miaka ile. Kufikia Septemba, wagonjwa nchini humo walikuwa wamezidi 30,000 na waliofariki walizidi 750. Kirusi hakikuwa kigeni. Kilichozidisha maafa, kwa maelezo ya wachunguzi, ni utapiamlo na umbali wa huduma za afya.

Kwa nini mtoto aliyeshiba vizuri hupona ndani ya wiki moja, na mwenzake aliyedhoofika akaishia kwenye nimonia? Kinga ya mwili hujengwa kwa protini na nishati, na mtoto mwenye utapiamlo hana akiba ya kutosha ya vyote viwili. Tezi iliyo kifuani, ambamo seli za kupambana na virusi hukomalia, husinyaa. Ngozi laini inayotanda ndani ya njia ya hewa hudhoofika, na kirusi kikishaichubua, bakteria hupata upenyo wa kushuka mapafuni. Hata misuli ya kupumulia na kukohoa imepungua nguvu, kwa hiyo makohozi hubaki humo humo. Wakati huo huo homa inachoma nishati zaidi na hamu ya kula imekwisha. Mtoto anatoka kwenye ugonjwa akiwa mwembamba kuliko alivyoingia, na ugonjwa unaofuata unamkuta chini zaidi.

Mduara huo hukatwa jikoni. Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi 14 ambaye mzingo wa mkono wake, kwa ule utepe wa kliniki, ni sentimita 12.1. Hiyo ni rangi ya njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Ameshikwa na mafua, pua imeziba, anasukuma kijiko. Mama hapaswi kumlazimisha wala kumpumzisha kula. Kwanza amsafishe pua, kwa maana mtoto asiyeweza kupumua kwa pua hawezi kunyonya. Kisha amnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida, na chakula ampe kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo kwa maji tu. Uji mzito kiasi, uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa laini na kijiko cha mafuta, humpa nishati nyingi katika vijiko vichache.

Homa ikishuka, wazazi wengi hudhani kazi imekwisha. Hapo ndipo hamu ya kula inaporudi, na ndipo uzito uliopotea unaporudishwa. Aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili: aliyekuwa akila mara nne ale mara tano.

Vitamini A nayo ina nafasi yake, ila inahitaji kueleweka. Husaidia kutunza ule utando wa njia ya hewa na kuzipa nguvu seli za kinga, na maambukizi makali yanaweza kuifanya ipotee kupitia mkojo. Hata hivyo, haitibu mafua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998, uliofanywa kwa watoto waliolazwa na nimonia Dar es Salaam, ulionyesha kuwa dozi kubwa za vitamini A hazikuwaharakisha kupona. Surua ndiyo ugonjwa ambao vitamini hii hutolewa kama sehemu ya matibabu. Kwa mafua, faida yake ni kuwapo mwilini kabla kirusi hakijaingia.

Ndiyo maana matone hutolewa kila miezi sita, tangu mtoto ana miezi 6 hadi atimize miaka 5: yuniti 100,000 kwa walio chini ya mwaka mmoja, na 200,000 kwa waliozidi hapo. Kuyarudia kabla ya wakati kunaweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo kadi ya kliniki iangaliwe kwanza. Katikati ya dozi hizo kuna viazi lishe vya rangi ya chungwa, mchicha, maembe mabivu, mayai na maini, na mboga zitiwe mafuta ili vitamini ifyonzwe.

Mzazi ahesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea anapovuta hewa, ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, asisubiri hata saa moja. Na kwa mtoto aliyekonda sana, asingoje homa: mwili wake unaweza kuwa na nimonia bila kupata joto, na ukiwa wa baridi hatari ni kubwa zaidi.