Komeo Lililo Wazi: Kwa Nini Biti Hupenya na Jinsi ya Kuizuia

Katika visanduku vya vifaa vya maabara za elektroniki, aghalabu saketi unganifu mbili hulala pamoja: 7474 na 7475. Zote ni za familia ya 7400 ambayo kampuni ya Texas Instruments iliianzisha katika miaka ya 1960, zote huhifadhi biti, na majina yake yanatofautiana kwa tarakimu moja tu. Hata hivyo, saketi ya kuhesabu inayofanya kazi barabara kwa 7474 haifanyi kazi katu kwa 7475. Mwanafunzi aliyechanganya hizo mbili huona taa ya matokeo ikitulia pale pale, au ikiwaka na kuzima bila utaratibu. Aghalabu atapunguza kasi ya saa akitarajia nafuu, wala nafuu haiji. Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha kasoro hiyo na njia mbili zilizobuniwa ili kuiondoa.

Kwanza istilahi. Kifaa kilichomo ndani ya 7475 mafundi hukiita lachi. Hapa kitaitwa komeo, kwa kuwa kazi yake ni kufunga biti ndani. Komeo lina ingizo liitwalo D, tokeo liitwalo Q, na ingizo la tatu linalopokea ishara ya saa, yaani ishara inayopanda na kushuka kwa vipindi sawa. Saa ikiwa juu, komeo huwa wazi: lolote linalofika D huonekana Q baada ya muda mfupi. Saa ikishuka, komeo hujifunga na Q hubaki na thamani iliyokuwapo wakati wa kufungwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba komeo hutii kiwango cha saa, si badiliko lake. Kwa muda wote ambao saa iko juu, mlango u wazi, na mlango ulio wazi haumhesabu anayepita.

Uwazi huo hauna madhara iwapo D inatoka mahali pasipotegemea Q. Balaa huanza pale tokeo linaporudishwa kwenye ingizo. Tuchukue saketi sahili kuliko zote za aina hiyo, ile inayogawanya idadi ya mipigo kwa mbili. Tokeo Q hupitishwa katika kigeuzi, ambacho hubadilisha 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, kisha hurudishwa kwenye D. Nia ni kwamba kila mpigo wa saa uibadilishe Q mara moja tu. Mpigo wa kwanza uifanye 1, wa pili uirudishe kuwa 0, na kuendelea hivyo.

Sasa zitiwe tarakimu za mfano, zisizo mbali na zile za familia hii. Komeo huchukua nanosekunde 20 kupitisha biti kutoka D hadi Q, na kigeuzi huchukua 10. Mzunguko mzima basi ni nanosekunde 30. Saa iwe ya megahezi 1, hivyo kila mpigo ubaki juu kwa nanosekunde 500. Q ikiwa 0, D ni 1. Saa inapanda, komeo linafunguka, na Q inakuwa 1. Lakini saa bado iko juu. Kigeuzi kinaigeuza hiyo 1 kuwa 0, nayo inafika D, inapenya komeo lile lile, na Q inarudi kuwa 0. Kisha 1 tena, kisha 0 tena. Katika nanosekunde 500, Q itabadilika mara 16, kwa kuwa 500 ikigawanywa kwa 30 ni 16 na ziada. Mabadiliko 16 ni idadi shufwa, kwa hiyo saa inaposhuka Q iko pale pale ilipoanzia. Anayetazama taa ataapa kwamba saketi imekufa, ilhali imekimbia mbio kumi na sita.

Komeo likiwa jepesi kidogo, mzunguko ukawa nanosekunde 29, Q itabadilika mara 17. Idadi hiyo ni witiri, na saketi itaonekana kufanya kazi. Tofauti ya nanosekunde moja yaweza kuletwa na joto la chumba, na volteji ya betri inayopungua, au na kipande kingine cha chapa ile ile. Hii ndiyo sababu kasoro hii huwachosha watu: saketi iliyokubali asubuhi hukataa mchana bila waya hata mmoja kuguswa.

Dalili yake haifichiki kwa mwenye osiloskopu. Ataona Q ikitetemeka kwa kasi kila saa inapokuwa juu, na kutulia kila inaposhuka. Asiye na chombo hicho anaweza kujaribu kubadilisha kasi ya saa. Kasoro nyingi za mwendo huondoka saa ikipunguzwa, kwa sababu ishara zilizochelewa hupata muda wa kufika. Hii haiondoki. Saa ya polepole huacha mlango wazi kwa muda mrefu zaidi, na mbio huongezeka badala ya kupungua.

Yamkini msomaji atauliza, kwa nini mpigo wenyewe usifupishwe? Ukiwa mfupi kuliko nanosekunde 30, komeo litafungwa kabla ya biti kumaliza mzunguko wa kwanza. Wazo hili ni sahihi kwenye karatasi. Taabu ni kwamba mpigo lazima pia uwe mrefu wa kutosha ili komeo lishike biti, yaani karibu nanosekunde 20 katika mfano wetu. Nafasi inayobaki ni finyu mno, tena inahama kila joto linapobadilika. Njia hiyo hufaa kwa mhandisi anayevidhibiti vipimo vyote vya saketi yake. Kwa aliye na ubao wa majaribio na nyaya za kuchomeka, ni kamari.

Njia iliyo thabiti ni kutumia makomeo mawili yaliyofuatana, la pili likipokea saa iliyogeuzwa. La kwanza huwa wazi saa ikiwa juu, na la pili huwa wazi saa ikiwa chini. Jozi hii kwa desturi huitwa bwana na mtumwa, jina ambalo baadhi ya waandishi wa leo huliepuka, na katika lugha ambayo wasemaji wake wa pwani walishuhudia utumwa si vigumu kuelewa sababu. Hapa yataitwa komeo la mbele na komeo la nyuma. Baadhi ya benki za mjini zina milango miwili ya namna hii: wa ndani haufunguki mpaka wa nje ufungwe, na mteja husubiri katikati.

Saketi ile ile ya kugawanya ifuatwe tena. Q ni 0 na D ni 1. Saa inapanda, komeo la mbele linafunguka na kuipokea 1. La nyuma limefungwa, hivyo Q inabaki 0, na maadamu Q haijabadilika, D nayo haibadiliki. Nanosekunde 500 zinapita bila mbio yoyote. Saa inashuka; komeo la mbele linafungwa likiwa na 1 ndani, la nyuma linafunguka, na Q inakuwa 1. Kigeuzi kinapeleka 0 kwenye D, lakini 0 hiyo inakuta mlango wa mbele umefungwa na inasubiri mpigo ujao. Badiliko ni moja kwa kila mpigo, na saa ya megahezi 1 hutoa ishara ya kilohezi 500.

Kuna upenyo mmoja ambao vitabu vingi huuruka. Saa ya komeo la nyuma hupitia kigeuzi, nacho huchelewa nanosekunde 10. Kwa hiyo saa inapopanda, komeo la mbele hufunguka mara moja ilhali la nyuma bado halijafungwa. Kwa nanosekunde 10 milango yote miwili iko wazi. Linaloiokoa saketi ni kwamba biti mpya huhitaji nanosekunde 20 kulivuka komeo la mbele, na ikifika upande wa pili hukuta mlango umeshafungwa. Iwapo kigeuzi hicho kitatwishwa mzigo wa makomeo mengi kikachelewa kupita nanosekunde 20, biti itapenya kama zamani.

Jozi hii ina udhaifu mwingine pale komeo la mbele linapokuwa la aina ya kuweka na kufuta, kama katika 7476 ya awali yenye maingizo J na K. Komeo la aina hiyo halifuati ingizo; hukumbuka. Tuseme Q ni 0, J ni 0, na saa iko juu. Kelele ya umeme inaipandisha J kwa nanosekunde chache, kisha inashuka. Komeo la mbele limekwisha kuwekwa 1. K haiwezi kulifuta, kwa kuwa njia yake hufungwa wakati Q ni 0. Saa inaposhuka, Q inakuwa 1, ingawa J ilikuwa 0 karibu muda wote. Ndiyo maana 7476 hutaka J na K zitulie kwa muda wote saa ikiwa juu. Toleo la baadaye, 74LS76A, lina tarakimu zile zile lakini hutii ukingo wa kushuka, na si busara kubadilisha moja kwa jingine bila kufikiri.

Ukingo ni ule wakati mfupi ambapo saa inapanda au inashuka. Kifaa cha kutii ukingo hutazama D katika wakati huo tu. Kila kimoja ndani ya 7474 kina malango sita. Mawili huhifadhi tokeo, na manne huisubiri saa. Saa inapopanda, lango moja kati ya hayo manne hushuka kuwa 0, kulingana na thamani ya D. Sifuri hiyo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huiweka Q, na hurudi nyuma kuziba njia ambayo D ingepitia. D ikibadilika baada ya hapo, hakuna anayeisikia. Sharti lililobaki ni kwamba D itulie nanosekunde 20 kabla ya ukingo na 5 baada yake. Katika saketi yetu D hubadilika baada ya Q kubadilika na kigeuzi kumaliza kazi, muda ambao huzipita zile 5 kwa urahisi.

Hata hivyo, tofauti kati ya njia hizi mbili si kubwa kama inavyodhaniwa. Jozi ya makomeo ya aina ya D, ikitazamwa kutoka nje, nayo hutii ukingo, kwa kuwa linaloshikwa ni lile lililokuwapo komeo la mbele linapofungwa. Saketi ya 4013 imeundwa kwa jozi kama hiyo, na huuzwa kama kifaa cha kutii ukingo.

Wala ukingo haumalizi mbio zote. Vifaa viwili vikifuatana katika rejista ya kuhamisha, cha kwanza kikipeleka Q yake kwa cha pili, ni lazima saa ivifikie karibu kwa pamoja. Waya wa saa wa kile cha pili ukipitishwa katika malango ya ziada na kuchelewa, tuseme, nanosekunde 40, ilhali cha kwanza hubadilika katika 25, cha pili kitaikuta thamani mpya badala ya ile ya zamani, na biti itaruka hatua mbili kwa ukingo mmoja. Hapa pia kupunguza kasi ya saa hakusaidii kitu. Dawa ni kuyaondoa malango hayo kwenye njia ya saa, au kuupitisha waya wa saa kuanzia mwisho wa rejista kuelekea mwanzo, ili kifaa cha mwisho kiwe cha kwanza kuipokea.