Kupima Uwiano Uliomo Katika Muhtasari wa Menejimenti

Uwiano unaotajwa kwenye muhtasari wa menejimenti hupimwa kwa kuukokotoa upya kutoka kwenye hesabu zilizokaguliwa. Chukua mfano wa kiwanda cha unga ambacho muhtasari wake unataja uwiano wa ukwasi wa 1.6, faida ghafi ya asilimia 33 na uwiano wa madeni wa asilimia 48.

Mizania inaonyesha mali za muda mfupi za shilingi milioni 480 na madeni ya muda mfupi ya milioni 400. Ukigawanya unapata 1.2. Ili ipatikane 1.6, madeni yangepaswa kuwa milioni 300. Milioni 100 zilizopotea zimo kwenye maelezo ya mikopo: ni sehemu ya mkopo wa miaka mitano inayopaswa kulipwa ndani ya miezi 12. Kanuni za kimataifa za uhasibu huihesabu kuwa deni la muda mfupi, na hapa ndipo pa kutazama kwanza.

Mauzo ni milioni 1,600, gharama yake milioni 1,200. Faida ghafi ya milioni 400 ni asilimia 25 ya mauzo. Asilimia 33 hutokea ukiigawanya kwa gharama.

Madeni yote ni milioni 720 kwa mali za milioni 1,000, yaani asilimia 72. Menejimenti imehesabu mikopo ya benki tu, milioni 480. Wapo wanaokokotoa hivyo, lakini muhtasari ulipaswa kusema. Tofauti ndogo, kama 1.2 na 1.23, aghalabu ni ya kukadiria desimali tu.